Mioyo Myekundu Juu ya Sikio la Mzee

Ukitaka kujua nilikuwa mjinga wa kiwango gani nikiwa na miaka ishirini na sita, tafuta video yoyote ya harusi niliyotengeneza wakati huo. Utaona mioyo. Mioyo myekundu inapaa kutoka chini ya skrini, mingine inazunguka, mingine inapasuka na kumwaga nyota. Bibi harusi akitembea, mioyo. Pasta akiomba, mioyo. Kuna harusi moja ya huko Turbo ambapo nilimzungushia babu wa watu fremu ya waridi wakati analia, na sikuona ubaya wowote.

Nilikuwa na studio ya chumba kimoja, ghorofa ya pili, juu ya duka la dawa za mifugo katikati ya mji wa Eldoret. Harufu ya dawa ya kupe ilipanda ngazi pamoja na wateja. Nilikuwa na kamera moja, kompyuta moja, na kiburi cha watu watatu. Nilijiita msanii, na kwenye kadi yangu ya biashara niliandika hivyo, kwa herufi za dhahabu.

Msanii huyo alikuwa na tabia mbili ambazo nilijisifia mbele ya wenzangu. Ya kwanza, sikununua kanda mpya kama ya zamani bado ilikuwa nzima. Nikishamaliza harusi ya mtu na kumpa diski yake, kanda ileile inaenda kurekodi shughuli inayofuata. Ya pili, harusi ya saa mbili ambayo wenzangu walikuwa wanaiweka kwenye diski mbili, mimi niliibana ikaingia moja. Wateja walishangaa. Nami nilikunja mikono kifuani na kusema ni utaalamu.

Sasa ngoja nieleze ule utaalamu, maana ndio ulionishika shati baadaye. Video ikibanwa, kompyuta inaikatakata picha kuwa vipande vidogo vya mraba, nukta nane kwa nane, halafu kila kipande kinaelezwa kwa maneno machache iwezekanavyo. Ukiibana kidogo, jicho halijui. Ukiibana kama nilivyobana mimi, maneno yanaisha, na kila kipande kinabaki na rangi moja tu iliyopoa, ukuta kati yake na jirani yake unaonekana. Hiyo ndiyo miraba. Halafu kuna mbu. Mbu ni vile vitone vinavyochezacheza pembeni ya kitu chenye ukingo mkali, mfano herufi nyeusi kwenye karatasi nyeupe. Kompyuta inashindwa kuueleza ukingo vizuri, inabahatisha, na kwa kila fremu, yaani kila picha moja kati ya zile zinazounda video, inabahatisha tofauti, basi vinatetemeka. Eldoret baridi imetuokoa na mbu wengi wa kawaida, lakini hawa niliwafuga mwenyewe.

Na kitu kinachosonga sana ndicho kinachokula maneno mengi zaidi. Mioyo yangu ilikuwa inasonga kila sekunde. Yaani nilichukua chakula kidogo kilichokuwepo nikakipeleka kwa mioyo, nyuso za watu zikalala njaa.

Hayo yote sikuyajua. Niliyajua karibu miaka kumi baada ya vita vya uchaguzi wa 2007, mchana mmoja wa jua, mama mmoja alipopanda zile ngazi akihema na kuniwekea simu mezani.

Alikuwa mama wa miaka sitini hivi, mwenye duka la jumla mtaa wa Munyaka, mwenye kauli ya mtu aliyezoea kuuliza bei mara moja tu. Akabonyeza simu. "Ni wewe ulipiga hii?"

Niliitambua mioyo kabla sijatambua kitu kingine chochote. Nilitaka kukana. Kwa bahati mbaya mwishoni mwa video kulikuwa na jina la studio yangu, herufi za njano, likizunguka mara tatu.

"Ni mimi, Mama," nikasema. "Lakini hii imeharibiwa na hizi simu. Imetumwatumwa."

"Imetoka kwa dada yangu, ikaenda kwa msichana wangu, ikaja kwangu. Hiyo ndiyo iko." Akasukuma simu karibu nami. "Sitaki harusi. Nataka huyu mzee."

Kidole chake kilikuwa kwenye pembe ya kushoto ya skrini. Hapo palikuwa na mtu mwenye koti la kijivu na kofia, anaingia uwanjani kucheza, anaruka mara nne tano, anapotea. Sekunde kumi na moja. Uso wake ulikuwa miraba sita ya kahawia, mmoja ukiwa mweusi kuliko wenzake. Nilidhani huo ni mdomo.

Akanieleza. Familia yake ilitoka mkoa wa Central babu yake akiwa kijana, yeye mwenyewe alizaliwa huku, na kabla ya vita alikuwa na duka na kashamba upande wa Kaptagat. Harusi hiyo ilikuwa ya kifungua mimba wake, mwaka mmoja kabla ya uchaguzi ule, na jirani zao wote walialikwa, wa huku na wa kule, kwa sababu wakati huo hakukuwa na haja ya kuhesabu nani ni wa wapi. Mzee alikuwa jirani wa shamba la pili, mtu wa hapa hapa kama mimi. Vita vilipoanza, aliwaficha yeye na watoto wake kwenye stoo ya viazi kwa siku nne. Siku ya tano akawatoa kwa trekta, wamelala chini ya mabua ya mahindi, mpaka kambi ya wakimbizi. Duka likachomwa. Nyumba ikachomwa, na albamu na diski ya harusi ndani yake.

"Mzee alikufa na ugonjwa, miaka mitatu baadaye," akasema. "Hakuwa mtu wa picha. Kamera ikija, anakumbuka ng'ombe. Picha ilikuwa moja tu, ya kitambulisho, na hiyo ilirudishwa serikalini wakati wa kuandikisha kifo. Mimi huenda kumwona mke wake kila Desemba. Hii Desemba imepita akaniambia kitu." Akatazama dirishani. "Akaniambia ameanza kusahau uso. Sauti anakumbuka. Koti anakumbuka. Lakini akiita uso, hauji."

Kuna watu wakisikia maneno kama hayo wanainamisha kichwa. Mimi nilisema, "Hiyo ni kazi ndogo, Mama. Njoo Alhamisi."

Niseme ukweli hapa. Siku zile za vita, huyo mzee akiwa amelaza watu chini ya mabua, mimi nilikuwa nabeba kompyuta yangu kuipeleka kwa shangazi, nimeifunga kwa pazia la satini nililokuwa natumia nyuma ya mabibi harusi. Kompyuta ndiyo niliyoiokoa. Hakuna mtu aliyeniomba nimfiche, na mpaka leo sijui ningejibu nini. Kwa hivyo mama aliponieleza habari ya trekta niliona aibu, na aibu ikinishika huwa naropoka ahadi.

Alhamisi ikafika sina kitu. Nilikuwa nimeanza na lile faili la simu. Nikaikata ile pembe yenye mzee, nikaikuza ijaze skrini, nikaongeza ukali ili uso ujitokeze, nikaongeza mwanga. Kilichojitokeza ni miraba. Ilijitokeza vizuri sana, kila mmoja na ukingo wake, kama vigae vya bafu ya hoteli. Halafu ndipo nikaweka filta ya kuondoa miraba, nikaisubiri, na haikuondoa hata mmoja. Nikatukana kompyuta. Nikatukana aliyeandika hiyo programu, mtu ambaye hajawahi kunikosea.

Kumbe filta hiyo inatafuta kuta mahali zinapotakiwa kuwa, kila baada ya nukta nane. Inasimama kwenye kila ukuta na kujiuliza: hii tofauti ya rangi ni ndogo au kubwa? Ikiwa ndogo, ni kazi ya kubana, inalainishwa. Ikiwa kubwa, labda ni ukingo wa kweli, inaachwa. Sasa mimi nilikuwa nimekuza picha na kuikata, kuta zimehama, filta inapiga hodi mahali hakuna nyumba. Kazi ya miraba hufanywa kwanza, kwa ukubwa uleule ambao picha ilizaliwa nao, kabla ya kukuza, kabla ya rangi, kabla ya ukali. Niliisoma hiyo kwenye mtandao, imeandikwa na kijana ambaye kwa picha yake alikuwa hajaanza kunyoa ndevu.

Nikampigia mama simu. Nikamwambia lile faili la simu limebanwa juu ya kubanwa, na kila mara linapotumwa linapata kuta mpya juu ya zile za zamani. "Dada yako ana diski yenyewe?"

"Iko Nakuru. Si ungesema mapema?"

Ningesema mapema kama ningejua mapema, lakini hilo sikulisema. Wakati diski inasafiri kutoka Nakuru, nikakumbuka kanda. Labda, nikajiambia, labda ile kanda ya harusi sikuirekodia tena. Nikashusha maboksi yote kutoka juu ya kabati. Nikaipata. Jina la bwana na bibi harusi lilikuwa limekatwa kwa mstari, na chini yake, kwa mwandiko wangu mwenyewe, imeandikwa "Mahafali". Niliitazama yote, kwa matumaini kwamba mwishoni kumebaki kipande. Niliona watu mia moja na kitu wakipokea vyeti vya ushonaji na kompyuta. Kanda iliisha mtu akiwa bado ananyoosha mkono.

Diski ilipofika ilikuwa imekwaruzika lakini ikasoma. Nikanakili faili lenyewe, sikurekodi skrini, nimeshaanza kupata akili. Na kweli hapo tofauti ilikuwepo. Uso ulikuwa na miraba mingi zaidi, ambayo ni habari njema, maana mingi maana yake ni midogo, na midogo inabeba kitu. Palikuwa na kivuli cha pua. Palikuwa na shavu. Nikaweka filta ya miraba kwanza, ukubwa wa asili, na kuta zikaanza kulainika mbele ya macho yangu. Nilisimama kwenye kiti changu nikapiga makofi peke yangu.

Hapo ndipo mtu mwenye busara angeenda kunywa chai. Mimi nikavuta kile kitufe mpaka mwisho. Kama nusu ya filta inafanya hivi, nikajiambia, filta nzima itafanya nini? Halafu nikawageukia mbu. Nyuma ya mzee kulikuwa na hema nyeupe, na kichwa chake cheusi mbele ya hema hiyo kilikuwa na ukingo mkali, basi mbu walijaa pale, hasa karibu na sikio la kulia. Walinikera. Nikatumia filta inayolinganisha kila fremu na zile za kabla na za baada yake. Kitu kinachokaa mahali pamoja inakiamini. Kitu kinachotokea kidogo na kutoweka inakiona ni uchafu, inakifuta. Nikaiambia ifute bila huruma. Ikafuta.

Nikapata picha safi kama sahani iliyooshwa. Mzee alikuwa na shavu laini, paji laini, shingo laini. Nikakuza, nikaweka rangi. Mama alipokuja kuitazama, aliinamia skrini muda mrefu. "Ni yeye," akasema. Halafu akasema tena, polepole, "Ni yeye, sindio?"

"Ni yeye, Mama."

"Wewe ndiye fundi," akasema, na mimi nikalichukua hilo kuwa sifa.

Tulienda Kaptagat Jumamosi kwa pikapu ya duka lake, nyuma kuna sukari, majani ya chai na unga. Mimi nimebeba laptop mapajani kama mtu anayepeleka mahari. Barabarani tulipishana na wanariadha wakipanda mlima, na nilifungua dirisha nikawapungia, kwa sababu siku hiyo nilijiona na mimi nimeshinda kitu.

Mke wa mzee, Gogo, ndivyo tunavyowaita nyanya huku kwetu, alikuwa mwanamke mwembamba mwenye shuka mabegani na macho makali kuliko yangu. Alitupa mursik, maziwa ya mgando ya kibuyuni, akatuuliza habari za mvua, akamuuliza mama habari za kila mtoto mmoja mmoja. Alipomaliza ndipo nikafungua laptop juu ya stuli mbele yake. Nikabonyeza. Mzee akaingia uwanjani, akaruka, akapotea.

Gogo akatazama mpaka mwisho. Akatabasamu kwa adabu, kama unavyomtabasamia mgeni aliyekuletea zawadi usiyoihitaji. "Ni mzuri," akasema. "Huyu kijana ni wa nani?"

Mama akanitazama. Mimi nikatazama laptop.

"Gogo, ndiye mzee," nikasema kwa lugha yetu. "Ni harusini."

Akainama tena, nikamchezea tena. "Koti ni lake," akasema. "Lakini huyu hajafikisha miaka thelathini. Na sikio lake liko wapi?"

Wazee wa rika lile walitobolewa masikio wakiwa vijana na kuyavuta mpaka ndewe, ile nyama laini ya chini, ikaning'inia, kitanzi kirefu cha ngozi. Mtu akitaka kulima au kucheza, hakukiacha kile kitanzi kipigepige shingoni. Alikipandisha juu akakining'iniza kwenye ncha ya juu ya sikio lenyewe, ndipo akaenda. Nimezaliwa huku. Babu yangu mwenyewe alikuwa na masikio hayo. Na nilikuwa nimemfanyia mzee usafi mpaka nikamkata sikio.

Gogo hakuwa amemaliza. "Na mimi niko wapi?"

"Wapi, Gogo?"

"Hapo. Nilimpandishia sikio hapo, kabla hajaruka."

Hapa naomba msomaji anivumilie, maana nilichofanya sijakisahau. Nilibishana naye. Nikamwambia, kwa heshima yote, kwamba sehemu hiyo nimeitazama fremu kwa fremu na hakuna mtu mwingine. Nikamwambia labda ilikuwa harusi nyingine. Mwanamke anayeogopa kusahau uso wa mumewe, mimi nikamwambia kwamba na hiki nacho amesahau.

Alinitazama kidogo. "Nilikuwa hapo," akasema, akaenda kuongeza kuni.

Kurudi mjini, tulipofika lami, mama alipandisha kioo cha dirisha. Halafu akasema, bila kunigeukia, "Kijana, mimi nilitaka nimpelekee kitu. Sasa nimempelekea shida."

Nilikuwa na miaka thelathini na saba, na aliponiita kijana kilikuwa ni cheo nilichostahili.

Jumatatu asubuhi nilifungua lile faili la diski, lile lisiloguswa, nikaenda fremu moja baada ya nyingine. Nilianza kwa kutaka kuthibitisha kwamba nilikuwa sahihi. Sekunde ya pili, kabla mzee hajaruka, mbu wakaanza pale kwenye sikio. Miraba mitatu ya kahawia kwenye weupe wa hema. Fremu iliyofuata miraba ilikuwa imepanda. Iliyofuata, imepanda tena. Mbu hawapandi. Mbu wanachezacheza mahali pamoja. Hii miraba ilikuwa inatoka upande wa kushoto, nje ya picha, inapanda mpaka juu ya sikio, inasimama, na inarudi ilikotoka. Na kitanzi kilichokuwa kinaning'inia kwenye fremu ya kwanza, kwenye fremu ya sita kilikuwa juu.

Fremu sita. Robo ya sekunde. Ulikuwa ni mkono.

Nilikaa hapo nikiutazama. Nilikuwa nimeufuta mkono wa mke wake nikijisifu kwa usafi, na mwenyewe aliponiambia aliuweka pale, nikamwambia hapana. Sijui kama nimewahi kujichukia kwa utulivu kama asubuhi hiyo. Chini yangu, mtu alikuwa ananunua dawa ya minyoo na kuomba apunguziwe.

Nikaanza upya, na safari hii taratibu. Miraba kwanza, kwa ukubwa wa asili, kwa nguvu ndogo: nilipandisha kitufe mpaka kuta zilipoanza kufifia, nikakirudisha nyuma kidogo. Halafu nikaigawa picha. Hema na nyasi, ambapo hakuna mtu anayetafuta chochote, nililainisha nitakavyo. Uso nikaugusa kidogo tu, kiasi cha kutoa ukuta uliopita katikati ya shavu na kuacha mikunjo ya paji. Mikunjo ile ilikuwa imechanganyika na uchafu kiasi kwamba sikujua mkunjo ni upi na uchafu ni upi, basi nikaacha yote. Ile filta ya kulinganisha fremu nikaizima kabisa kuzunguka kichwa. Mbu wa sikioni niliwaacha na uhai wao. Baada ya hapo ndipo nikakuza, mara mbili tu, na rangi kidogo, na ukali sikuugusa hata kwa ncha ya kidole. Nilipotoa nakala ya mwisho nilikataa kuibana. Ilikuwa faili nzito isiyo na aibu, kwa sekunde kumi na moja.

Mioyo ilinishinda. Mmoja ulikuwa unapita mbele ya kidevu cha mzee sekunde ya nne. Nilijaribu kuutoa, nikagundua chini yake hakuna kidevu. Nilikuwa nimeubandika juu yake siku zile, na kilichokuwa chini kilikwenda na ile kanda ya mahafali. Kwa hivyo ukabaki, unapaa, unang'aa, kana kwamba jina langu limeandikwa juu yake.

Mara ya pili Kaptagat sikumpungia mwanariadha yeyote. Gogo alitupokea vilevile, mursik, mvua, watoto. Nilipofungua laptop sikusema chochote kuhusu ufundi. Nilisema tu, "Gogo, nilikukosea. Ulikuwa hapo."

"Nilikwambia," akasema.

Nikabonyeza. Picha ilikuwa na ukungu, ilikuwa na vitone, mtu wa mjini angesema imeharibika. Mzee akasimama mbele ya hema, robo ya sekunde kitu kikapita sikioni mwake, akaruka. Gogo aliweka kiganja mdomoni. Akatamka jina la mumewe, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemwita aje ale.

Mama alitoka nje. Nilimsikia anapenga makamasi karibu na pikapu.

"Tena," Gogo akasema. Nikacheza tena. "Tena." Mara ya nne akagusa skrini kwa kucha. "Hizi nyekundu ni nini?"

"Ni mioyo, Gogo."

"Ya nini?"

Nilifikiri kwa kweli. Nilikuwa nimepewa miaka kumi na moja ya kulifikiria hilo swali. "Sijui," nikasema.

"Mm," akasema. "Simamisha hapo."

Nikasimamisha kwenye uso, mahali pazuri, kabla ya moyo kufika kidevuni. Nilidhani ndipo anapopataka, kwa sababu ni uso tuliotafuta. Akatikisa kichwa. "Rudi nyuma." Nikarudi fremu moja. "Rudi." Nikarudi mpaka kwenye ile miraba mitatu ya kahawia juu ya sikio, kitu ambacho ukikitazama bila kuambiwa hakuna unachokiona. Akakaa hapo. Alikitazama muda mrefu kuliko alivyoutazama uso.

Halafu akanyoosha mkono, akanishika sikio. Nilidhani anaenda kulivuta, na nilikuwa nastahili. Badala yake alikamata ndewe yangu fupi kwa vidole viwili, akaipandisha juu taratibu, na kuibonyeza pale kwenye ncha ambapo isingeweza kukaa.

"Hivi," akasema. "Alikuwa anajua kujipandishia mwenyewe. Alikuwa ananingojea."

Nikabaki nimeinama juu ya laptop, sikio liko mkononi mwake, mpaka aliponiachilia.